Dirisha la sampuli likiwa tupu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu saa ya kwanza ya zamu ya asubuhi maabara

Ukurasa huu ni wa wateknolojia na wasaidizi wa maabara wanaoingia zamu saa 1:30 asubuhi katika hospitali ya wilaya au kituo cha afya, wakakuta benchi la kusubiri halina mtu. Maswali ni yale ambayo wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo na waajiriwa wapya wamekuwa wakiniuliza. Majibu ni ya kazini.

Nje kumejaa watu tangu alfajiri. Mbona dirishani kwetu hakuna mtu?

Kwa sababu sisi ni kituo cha tatu au cha nne katika safari ya mgonjwa. Anaanza mapokezi kutafutiwa faili, anapita kwenye malipo au bima, anamsubiri daktari, na daktari ndiye anayemwandikia kipimo. Daktari akianza kuona wagonjwa saa 2:00, fomu za kwanza zitatufikia kama saa 2:30 au 2:45, na zitakuja kwa mkupuo. Wanaowahi ni wale walioandikiwa kipimo jana yake, hasa walioambiwa waje na njaa kwa ajili ya sukari, pamoja na kina mama wa kliniki ya wajawazito.

Kwa hiyo una saa moja, pengine dakika 75, na zinajulikana tangu jana. Zipange kama unavyopanga zamu za usiku.

Nitajuaje kwamba foleni ni tupu kweli?

Usiliamini dirisha peke yake. Angalia benchi la kupokelea sampuli, friji ya sampuli, na orodha ya kompyuta ukiwa umeondoa kichujio cha tarehe. Kichujio hicho ni mtego: ukiacha "leo", vipimo vilivyoombwa saa 5 usiku havionekani, nawe unadhani usiku ulikuwa shwari.

Kisha muulize anayetoka zamu ana kwa ana: "Kuna sampuli uliyoipokea ambayo haijapimwa?" Swali la "kuna jipya?" hujibiwa "hamna" na mtu aliyechoka, naye hasemi uongo, ila hakumbuki.

Asubuhi moja nilikuta mirija mitatu nyuma ya kishikio cha slaidi, imeletwa kutoka wodini saa 8 usiku. Miwili ilikuwa ya damu ya kawaida, haijazungushwa, na fomu zake ziliomba sukari na potasiamu. Damu isiyotenganishwa na chembe zake inaendelea kula sukari yake yenyewe, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kila saa katika joto la kawaida, na potasiamu inavuja kutoka kwenye chembe na kupanda. Baada ya saa tano na nusu, majibu ya mirija ile yangemwonyesha daktari mgonjwa ambaye hayupo. Niliikataa, nikaandika sababu, nikapiga simu wodini watoe damu upya. Mrija wa tatu ulikuwa wa maji ya uti wa mgongo. Huo ndio ulionisikitisha, kwa sababu chembe nyeupe katika maji hayo huanza kuharibika ndani ya saa moja au mbili, na sampuli hiyo haipatikani upya kwa kumchoma mtu kidole.

Ukaguzi huo unachukua dakika tano. Ufanye kabla hata hujatundika mkoba.

Nikishahakikisha hakuna kinachosubiri, nianze na nini?

Anza na vile vinavyohitaji kusubiri. Kontroli ya chembe za damu inatoka kwenye friji, na ukiitumia ikiwa ya baridi haichanganyiki sawasawa. Inataka kama dakika 15 mezani, kisha uigeuzegeuze taratibu. Usiitikise, utapasua chembe. Kontroli ya kemia iliyo katika unga inataka kipimo kamili cha maji yaliyokenekwa, mara nyingi mililita 5 kwa pipeti ya ujazo, halafu dakika 30 za kuyeyuka. Mashine nazo zinataka kupata joto na kujisafisha.

Ukianza kwa kufuta meza na kupanga fomu, utafika saa 2:10 ukiwa na meza safi na kontroli bado ya barafu. Kwa hiyo toa kontroli, washa mashine, yeyusha unga, na ndipo ushike kitambaa. Meza itafutwa huku kontroli ikipata joto.

Kufuta huko kunataka dawa ya leo. Klorini iliyochanganywa jana imepungua nguvu. Ukiwa na chupa ya asilimia 3.5 na unataka asilimia 0.5, gawa 3.5 kwa 0.5 upate 7, toa 1, ubaki na 6: kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo sita vya maji. Andika tarehe kwenye ndoo.

Kontroli imetoka nje ya mipaka. Si niirudie tu mpaka ikubali?

Hapana, na swali hili ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu. Kurudia mpaka ikubali ni kupiga kura mpaka ashinde unayemtaka. Kontroli ikikataa inakuambia jambo, na saa hii ya kwanza ndiyo pekee ambayo una nafasi ya kulisikiliza, kwa kuwa hakuna mgonjwa anayekutazama kupitia kioo.

Nikueleze asubuhi moja kwa ukamilifu. Kontroli yetu ya sukari ya kiwango cha kawaida ilikuwa na wastani wa milimoli 5.5 kwa lita, na mkengeuko sanifu wa 0.15. Maana yake, siku nyingi majibu yanatakiwa yaangukie kati ya 5.2 na 5.8, yaani mikengeuko miwili chini na juu. Kontroli ya kiwango cha juu ilikuwa na wastani wa 15.0 na mkengeuko wa 0.4, kwa hiyo mipaka yake ni 14.2 na 15.8.

Saa 1:55 tukapata 5.9 na 15.9. Zote mbili zimevuka mikengeuko miwili, na zote upande wa juu. Ingekuwa moja tu imevuka kidogo, ningeichukua kama onyo na kuangalia zaidi. Zikivuka mbili kwa pamoja upande mmoja, hiyo si bahati mbaya tena. Kuna kitu kinachosukuma kila jibu juu, na majibu ya wagonjwa yatasukumwa vilevile.

Nikafungua chati ya Levey-Jennings, ile tunayochora nukta moja kila siku. Siku sita zilizotangulia, kontroli ya kawaida ilisoma 5.4, 5.5, 5.6, 5.6, 5.7, 5.7. Kila nukta ilikuwa ndani ya mipaka, kwa hiyo kila aliyekuwa zamu aliweka alama ya vema na kuendelea. Lakini ukizitazama kwa pamoja, zinapanda ngazi. Tatizo halikuanza asubuhi ile, liliingia polepole na hakuna aliyerudi nyuma hatua mbili kuiona chati nzima.

Swali la kwanza lilikuwa: imeharibika kontroli, au imeharibika mashine? Kontroli ikiachwa wazi maji yake hupungua, na majibu yake hupanda. Tukatoa vichupa vipya vya kontroli, tukavipa dakika 15 vipate joto, tukapima. 5.9 tena. Basi kontroli haina kosa.

Swali la pili: kitendanishi. Kichupa kilichokuwa ndani ya mashine hakikuandikwa tarehe ya kufunguliwa. Tulihesabu kwa daftari la vifaa tukagundua kimepitiliza siku ambazo mtengenezaji anaruhusu kikae wazi ndani ya mashine. Tukaweka kipya, tukafanya kalibresheni, tukapima kontroli zote mbili: 5.5 na 15.1. Ilikuwa saa 3:05.

Wagonjwa wa kwanza wa sukari walifika saa 2:45, na hawakuchelewa sana, kwa sababu kutoa damu hakuhitaji mashine iliyo sawa. Tuliwatoa damu katika mirija yenye floraidi, ile inayozuia chembe kula sukari, mirija ikasubiri kwenye kishikio mpaka kontroli ilipokubali.

Sasa pima uzito wa jambo lenyewe. 5.9 badala ya 5.5 ni ongezeko la kama asilimia 7. Mtu aliyekuja na njaa akiwa na sukari ya 6.6 angesomeka 7.0 na kitu. Na 7.0 kwa mtu mwenye njaa ndicho kizingiti cha kisukari. Tungemwita mgonjwa mtu ambaye bado hajafika hapo.

Jambo moja zaidi, ambalo wengi hulisahau: majibu ya jana. Tulitoa kwenye friji majimaji ya damu ya jana yaliyokuwa yametenganishwa, tukachagua yale yaliyoripotiwa karibu na 7.0, tukayapima upya. Moja lililoripotiwa 7.1 likasoma 6.8. Daktari akapigiwa simu asubuhi ileile.

Kipimajoto cha friji kinasoma nyuzi 5. Si nimeshamaliza?

Nyuzi 5 ni habari ya sasa hivi. Friji ya vitendanishi inatakiwa ibaki kati ya nyuzi 2 na 8 usiku kucha, na umeme ukikatika saa 6 ukarudi saa 9, saa 1:30 utaikuta imeshatulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Soma kiwango cha juu kabisa na cha chini kabisa kilichohifadhiwa na kipimajoto, viandike vyote, kisha ukifute kianze upya. Kisipofutwa, kesho utasoma tatizo la leo na kudhani limerudi.

Ukikuta kiwango cha juu kimefika 13, usimwage kitu na usitumie kitu. Tenga vitendanishi, vibandike alama, soma karatasi ya mtengenezaji, na upime kontroli kwa kutumia vitendanishi hivyohivyo kabla ya damu ya mgonjwa. Ukikuta kimeshuka chini ya sifuri, kuwa mkali zaidi. Kontroli ya chembe iliyoganda imekwisha. Iache itulie na utaona majimaji yake ya juu yamekuwa mekundu.

Rangi ya Giemsa ya jana bado ipo nusu chupa. Niitumie?

Ile ya akiba, isiyochanganywa, ndiyo. Ile iliyochanganywa na maji, hapana. Ikishachanganywa rangi huanza kujitenga na maji na kuacha chenga nyeusi juu ya slaidi, na chenga hizo ndizo zinazowafanya wageni waone malaria mahali ambapo hapana. Changanya ya leo: kwa asilimia 10, mililita 10 za rangi katika mililita 90 za maji yenye bafa ya pH 7.2, na slaidi ikae dakika 10 hadi 15.

Kabla ya slaidi ya mgonjwa, paka rangi slaidi mbili za majaribio, moja yenye vimelea vinavyojulikana na moja isiyo navyo. Tazama rangi zenyewe. Kiini cha kimelea kitoke chekundu iliyokolea na mwili wake buluu. Kila kitu kikiwa chekundu-waridi na vimelea hafifu, maji yako yana tindikali. Kila kitu kikiwa buluu kupita kiasi, yamezidi upande wa pili. Rekebisha bafa. Usiongeze dakika ukitumaini itakaa sawa.

Fomu ya joto ina mapengo ya siku tatu. Niijaze sasa kwa kuwa nina muda?

Usijaze. Hukuwepo, hukusoma. Piga mstari kwenye siku hizo, andika "haikusomwa", weka saini yako na tarehe ya leo. Fomu yenye pengo la kweli inamsaidia mkuu wa maabara kuona kwamba wikiendi hakuna anayesoma kipimajoto. Fomu iliyojazwa nyuzi 4, 4, 4 kwa kalamu moja na mwandiko mmoja haimsaidii yeyote, na mkaguzi huitambua akiwa bado amesimama.

Dharura ikiingia kabla kontroli hazijakamilika?

Dharura inapokelewa. Swali ni kipimo gani kinaweza kutoka. Mama anayevuja damu wodi ya uzazi anahitaji kundi la damu, na hilo halitegemei mashine ya kemia. Linategemea dawa za kutambua kundi, nazo zinajaribiwa kwa chembe za kundi A na B zinazojulikana ndani ya dakika tano. Ndiyo maana jaribio hilo mimi hulifanya mapema kabisa, kabla sijapima kontroli ya mashine yoyote. Kipimo cha haraka cha malaria nacho kina mstari wake wa kontroli ndani yake. Mstari huo usipotokea, tupa kifaa, chukua kingine.

Kama kinachotakiwa ni kipimo cha mashine ambayo bado haijathibitishwa, mpigie daktari umwambie hivyo kwa maneno: "Mashine bado, nipe dakika 20." Mara nyingi ana njia nyingine, kama glukomita ya wodini, na uamuzi ni wake akiwa na ukweli mkononi. Kumpa namba kimyakimya ukitumaini iko sawa ni kumfunga macho.

Kila kitu kimekubali, ni saa 2:15, na bado hakuna mtu. Nifanye nini?

Soma slaidi za jana. Mwombe mwenzako achague tano za malaria, zilizotolewa majibu ya kuwa na vimelea na yasiyo na vimelea, afunike namba na majibu, akupe. Uzisome kama hujawahi kuziona. Kwa slaidi unayotaka kusema haina vimelea, pitia nyuga 100 za tone nene kwa lenzi ya mafuta, kweli kweli 100. Mchana, foleni ikiwa imefika mlangoni, mkono huteleza na watu huishia 40 bila kujua. Asubuhi tupu ndipo macho yanapojifunza tena mwendo wa 100.

Kwenye zile zenye vimelea, hesabu. Unahesabu vimelea dhidi ya chembe nyeupe 200. Ukiwa hujafikisha vimelea 100, endelea mpaka chembe nyeupe 500. Sema umepata vimelea 98 kwa chembe 500. Zidisha 98 kwa 8,000, gawa kwa 500, unapata vimelea 1,568 kwa mikrolita. Linganisha na jibu la jana. Tofauti ndogo ni ya kawaida, kwa kuwa vimelea havikutawanyika sawasawa kwenye tone. Lakini jana ikisema "hakuna" na leo wewe ukaona, mwite mtu wa tatu asome bila kuambiwa. Akiona naye, daktari ajulishwe na mgonjwa atafutwe kupitia daftari, siku hiyohiyo.

Slaidi tano zinatosha. Ukijipangia ishirini utaanza kuzikimbiza, na hapo hujifunzi kitu.

Naruhusiwa kunywa chai?

Ndiyo, nje ya chumba cha kazi, ukiwa umevua koti na kunawa. Dakika za kusubiri kontroli ipate joto zinafaa sana kwa hilo. Mwambie mwenzako unatoka, dirisha lisibaki bila mtu.

Niko peke yangu kwenye zahanati. Sina mashine ya kemia wala chati. Haya yote yananihusu?

Mengi hayakuhusu. Yanayokuhusu ni haya: joto la chumba unamokaa vifaa vya kipimo cha haraka, kwa kuwa vingi vimeandikwa visizidi nyuzi 30, na stoo yenye paa la bati huvuka hapo kabla ya saa 6 mchana. Soma kipimajoto asubuhi na urudi ukisome saa 8. Asubuhi peke yake itakudanganya. Kisha hadubini: futa lenzi ya mafuta kwa karatasi ya lenzi, kwa sababu mafuta ya jana yaliyokauka huleta ukungu unaofanana na slaidi mbaya, nawe utailaumu rangi bure. Jaribu glukomita kwa majimaji yake ya kontroli, na usome tarehe uliyofungua kichupa cha vijiti. Kama hukuiandika, iandike kwenye kichupa kipya utakachofungua leo, kwa kalamu isiyofutika, kabla mgonjwa wa kwanza hajabisha.